Mkeka umejibu ila kutoa hela wanasema jina haliendani

"Wadau mie niko Kwerekwe, nina laki mbili na kitu kwenye akaunti ya kubeti, nikibonyeza kutoa wanakataa, eti jina haliendani na la namba ya simu. Mbona kuweka naweka kila siku na hawasemi kitu? Nibadilishe jina mle ndani au nifungue akaunti nyengine?"

Usifanye hata kimoja yakhe, tulia kwanza. Hayo mawili ndo yaliyonichelewesha mie nikiwa hapa Chake.

Hilo la kuweka kukubali lisikubabaishe. Unapoweka, wao wanachotazama ni hela imeingia na imeandikwa akaunti gani, hata jirani yako anaweza kukuwekea. Jina wanalikagua siku ya kutoa, maana hapo wao ndo wanalipa mtu, na lazima wajue huyo mtu ni yule yule mwenye akaunti, wanaogopa mambo ya kutakatisha fedha na wale wezi wanaoingia akaunti za watu. Kwa hiyo unaweza ukaweka mwaka mzima halafu siku ya kushinda ndo ukajua laini si yako.

Mie mkasa wangu ulikuwa hivi. Zile siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole, Januari 2020, nilikuwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi tu, namba ya NIDA sina, na laini zinataka kuzimwa. Kaka yangu akaniwekea kidole chake yakaisha. Nikaitumia laini miaka, nikasahau kabisa. Kwenye kubeti nikajaza jina langu mie. Siku mkeka ukajibu, 385,000, nabonyeza kutoa, imekataliwa. Nikaingia kubadilisha jina niweke la kaka, akaunti nzima ikafungiwa wakague, maana kwao jina linalobadilika mara tu baada ya ushindi ni dalili ya wizi. Nikaja kufungua ya pili, nayo wakaifunga, mtu mmoja akaunti moja.

Sasa wewe jua kwanza tatizo lako ni la aina gani. Piga *106# ufuate maelekezo uone laini imesajiliwa kwa nani. Halafu mwambie mtu aanze kukutumia elfu moja, lile jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri alipige picha, kisha aghairi. Hilo la pili ndo wanalolitazama wao, usilidharau, utaona kwa nini.

Likiwa ni herufi tu, yani wewe umejaza Mohamed Khamis na kule imeandikwa Muhammed Hamis Juma, hilo jepesi. Sisi huku majina yetu kila karani anaandika anavyosikia. Watumie huduma kwa wateja picha ya kitambulisho, picha ya hilo jina, na meseji za ulivyoweka hela, waombe wao warekebishe upande wao. Wa benki pia ni hivyo hivyo, mara nyingi kule yapo majina matatu na kubeti umeandika mawili.

Likiwa jina la mtu mwengine kabisa kama mie, kuwaelezea haisaidii, wataandika pole basi. Inabidi laini ihame. Nilipanda boti Mkoani nikamfata kaka Unguja, tukaenda pamoja duka la mtandao, yeye na NIDA yake na mie na yangu (nishaipata wakati huo), kila mtu akaweka kidole. Nikarudi nafurahi, najaribu kutoa, imekataliwa tena! Kumbe laini imehama ila akaunti ya pesa imebaki na jina la kaka, ni usajili mwengine ule. Ikabidi nirudi dukani niseme waziwazi nataka na jina la pesa libadilike. Ndo maana nakwambia ujaribu ile ya elfu moja, *106# peke yake inaweza kukuonesha uko sawa na usiwe sawa. Na hela iliyomo kwenye simu itoe kabla hamjaenda, usije ukaanza kudai kwa kaka.

Nikawatumia kitambulisho na picha ya jina jipya, wakafungua akaunti. Toka siku ya mkeka mpaka hela kuingia ni siku kumi na moja.

Na wale wanaokuja inboksi kusema wana mtu wao ndani atakutolea, wanataka neno la siri au ile namba ya kuthibitisha inayoingia kwa meseji, waache. Na mtandao ukikwambia uweke kwanza elfu hamsini ndo jina lifunguliwe, huo si wa kubeti, ni wezi, usiongeze hata mia.

Kaka alinikata elfu hamsini, eti kidole chake kimefanya kazi miaka bure. Mzee hajui mpaka leo laini ilihamishwa kwa sababu gani, na humu ndani kama kuna mtu wa Machomane anyamaze.