Ukumbusho kwa mteja anayechelewa: futa "kama nilivyokueleza"

Ukianza kazi kwenye ofisi ya uhasibu inayohudumia wenye maduka na makampuni madogo, utashangaa jinsi muda mwingi unavyokwenda kwenye kukumbusha watu. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita inatakiwa iwe imewasilishwa TRA kufikia tarehe 20, na ikifika tarehe 12 au 13 hakosekani mteja ambaye risiti zake hazijaonekana. Hapo ndipo vijana wetu huandika barua pepe ambayo juu ina adabu na chini ina kisu.

Rasimu za aina hii huwa naletewa nizipitie. Mteja hapa ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi:

> Yah: UKUMBUSHO WA TATU
>
> Habari Mama. Kama nilivyokueleza kwenye barua pepe yangu iliyopita, bado hatujapokea risiti zako za Septemba. Najua una shughuli nyingi, ila ni vizuri ukatenga muda kidogo. Tafadhali rejea orodha niliyokutumia tarehe 3. Natumaini safari hii utalifanyia kazi. Natanguliza shukrani.

Hakuna tusi hata moja, na aliyeandika akiulizwa ataapa kwamba alikuwa mpole. Lakini isome ukiwa dukani, wateja wamekuzunguka. Kichwa cha barua kinamhesabia makosa yake kwa herufi kubwa kabla hajaifungua. "Safari hii" inamwambia kwamba safari zilizopita alizembea. "Najua una shughuli nyingi, ila" inampa udhuru na kumnyang'anya papo hapo. Hata "natanguliza shukrani", ambayo kwa kawaida haina ubaya wowote, ikija baada ya lawama zote hizo inasikika kama amri.

Mimi huipima kila sentensi kwa swali moja: mteja akishaisoma, anajua cha kufanya ambacho hakukijua kabla? Kwenye rasimu ile, karibu zote zinashindwa. Zinazungumzia yaliyopita, na yaliyopita hayawezi kutumwa kwa simu. Kitu pekee kinachoombwa ni "risiti zako za Septemba", ambazo kwa duka la saruji na nondo zinaweza kujaa boksi.

Sasa tuje kwenye "kama nilivyokueleza". Wengi huiweka ili kujilinda, bosi akija kuuliza ionekane kwamba walikumbusha mapema. Ushahidi huo tayari upo kwenye barua pepe ulizotuma, na tarehe zake. Mteja hana haja ya kuonyeshwa. Ukiifuta, usiitafutie mbadala laini kama "nakumbushia tu" au "rejea mazungumzo yetu". Hizo ni ndugu zake. Mahali pake weka lile jambo lenyewe ulilolieleza mwanzo. Kama ulituma orodha tarehe 3, iandike upya humu humu, asilazimike kuitafuta. (Barua za kiofisi zinazoanza na "Rejea barua yako yenye Kumb. Na." ni jambo jingine. Pale rejea inamsaidia karani kupata faili, haimsuti mtu.)

Ili uweze kuandika hivyo, lazima kwanza ufanye kazi kidogo. Fungua taarifa ya benki ya mteja. Katika mfano huu kuna malipo manne kwa wauzaji ambayo hayana risiti, jumla shilingi 7,670,000. Ikiwa bei hizo zina VAT ya asilimia 18 ndani yake, unazidisha kwa 18 na kugawa kwa 118, unapata 1,170,000. Hicho ndicho kiasi cha VAT ya manunuzi ambacho hatuwezi kumdaia bila risiti za EFD. Sasa una la kumwambia:

> Yah: Risiti 4 za manunuzi ya Septemba, kabla ya Alhamisi tarehe 16
>
> Habari za kazi, Mama.
>
> Ili tukamilishe ritani yako ya VAT ya Septemba, tunahitaji risiti za EFD za malipo haya manne yaliyotoka benki: saruji 2,950,000 (tarehe 4), nondo 2,360,000 (tarehe 11), mabati 1,416,000 (tarehe 19) na rangi 944,000 (tarehe 26).
>
> Picha ya simu inatosha, mradi namba zote zisomeke. Kijana wa dukani anaweza kunitumia moja kwa moja WhatsApp.
>
> Zikifika kabla ya Alhamisi saa 10 jioni, tutapunguza shilingi 1,170,000 kwenye VAT ya mwezi huu. Zikichelewa, tutawasilisha ritani bila hizo na kuzidai kwenye ritani ya baadaye, kwa hiyo mwezi huu malipo yako yataongezeka kwa kiasi hicho.
>
> Kama kuna muuzaji ambaye hakutoa risiti, niambie tu, tuone namna ya kuifuatilia.
>
> Asante sana.

Angalia kwamba barua hii ni kali kuliko ile ya kwanza. Ina siku, ina saa, na inataja hasara kwa shilingi. Lakini ukali wake umetoka kwenye kalenda na kwenye hesabu, wala haumgusi mama kama mtu. Nimeweka tarehe 16 badala ya 20 kwa sababu tunahitaji muda wa kuingiza takwimu na kuzihakiki, na mteja naye anahitaji muda wa kutafuta hela ya kulipa.

Sentensi ya mwisho kabla ya asante ndiyo ninayoithamini zaidi. Mara nyingi mteja anayekaa kimya si mvivu. Alinunua mabati bila kudai risiti, au karatasi ya mashine imefifia hadi haisomeki, na anaona aibu kusema. Kila ukumbusho wenye kejeli unamsukuma anyamaze zaidi, nawe unabaki kuhesabu "wa tatu, wa nne". Ukimfungulia mlango, huenda jioni ile ile akakupigia na kusema ukweli, na risiti iliyopotea unaweza kumwomba muuzaji akiwa bado anayakumbuka mauzo hayo.

Kejeli haikai kwenye maneno peke yake. Kumnakili mumewe au mshirika wake wa biashara bila sababu ya kikazi ni kusema umbea kwa barua pepe. Maneno yaliyopigiwa mstari na ile alama nyekundu ya dharura hufanya kazi hiyo hiyo. Na usikimbilie upande wa pili: "samahani sana kwa usumbufu" ikirudiwa mara tatu, ombi lenyewe linafichika.

Asipojibu ifikapo asubuhi ya Alhamisi, piga simu. Mwulize, "Mama, katika zile nne, ipi inakusumbua kupatikana?" Usimuulize kama aliiona barua.

Kuna wakati tarehe za nyuma lazima zitajwe: unapowasilisha ritani bila risiti na unataka ibaki kumbukumbu, au mteja anapodai hakuwahi kuombwa. Hapo ziandike waziwazi, bila "kama unavyokumbuka" na bila kivumishi chochote: "Tuliomba risiti hizi tarehe 3, 9 na 13 Oktoba. Hadi leo tarehe 17 hatujazipata, hivyo ritani ya Septemba tumeiwasilisha bila hizo. Ukizipata, tutazidai kwenye ritani inayofuata." Barua kama hiyo mwonyeshe mkuu wako kabla ya kuituma, kwa sababu hiyo ndiyo itakayofunguliwa mezani siku mteja akija kulalamikia kodi aliyolipa.