Barua kwa mwanangu: Kamba ya shangazi yako

"Baba, Idi amekuwa wa mwisho tena kwenye mbio zote tatu za shule. Nimtafutie mtu wa kumfundisha kukimbia, au aache tu michezo?"

Mwanangu Zuhura,

Msalimie mumeo, na huyo Idi mpe uji, kesho atakuwa amesahau. Mimi umenikumbusha siku ya michezo ya darasa letu la sita, mwaka ule niliorudia nikasoma pamoja na shangazi yako. Mwanaidi hakuwahi kumpita mtu kwa mbio; hata kuku wa bibi yako walimshinda. Bingwa nilikuwa mimi. Cheka, lakini nilikuwa bingwa.

Mwalimu akamwachia yeye shughuli yote. Uwanja ulikuwa mchanga mtupu. Akachomeka kigingi katikati, akafunga kamba ya mita 20, akazunguka nayo huku akimwaga majivu ya jikoni. Akairefusha hadi 21, akazunguka tena, mpaka ikapatikana mistari minne, kila mkimbiaji na wake. Kisha akafanya ambalo hakutumwa na mtu. Akailaza kamba juu ya mstari wa kwanza, akaupima, halafu wa pili, akaona wa pili umezidi kwa mita sita na robo hivi. Wa tatu nao ukauzidi wa pili kwa kiasi kilekile. Basi wa mstari wa pili akamsogeza mbele mita hizo, wa tatu mara mbili yake, wa nne karibu mita 19.

Mimi nilikuwa mstari wa ndani. Miaka yote tulianza tumesimama sambamba, nami naiwahi ndani mapema. Leo naona migongo ya wenzangu! Nikapiga kelele kwamba mdogo wangu ananionea. Hakuinua hata uso, mikono imemjaa majivu: "Kamba haina ndugu."

Nikawa wa pili.

Mpaka leo huwa najiambia yule wa mstari wa nne alikata kona. Hapana, hakukata. Mwanaidi alikuwa ameweka watoto wenye vijiti kuzunguka duara, maana ukitoka kwenye mstari wako ukaingia ndani, zile mita ulizopewa mbele zinakuwa za bure. Hakuna kijiti kilichoinuliwa. Nilitazama, tena nilitazama sana. Ila mchanga wa upande ule ulikuwa mgumu zaidi... Basi. Kamba haina ndugu.

Habari ya mwalimu wa mbio siamui mimi, mtoto ni wenu. Ingawa hela hiyo ingekuwa yangu, mimi... haya, nanyamaza. Muulize tu Idi uwanja wao ulichorwa na nani, na wote walianza mstari mmoja?

Kigingi chenyewe kipo kwa shangazi yako. Amefungia mbuzi.

Baba yako