Jeli ilisema 53, hesabu ikasema 43.7

Nilipoanza kusafisha protini ya p53 kutoka kwenye bakteria, jeli inayotenganisha protini kwa umeme kulingana na ukubwa ilinipotezea wiki mbili. Protini hiyo ina asidi amino 393, na ukizijumlisha unapata takribani kilodaltoni 43.7. Ukanda wangu ulikaa juu zaidi. Nikahisi jeni imeharibika, nikaituma isomwe upya. Ikarudi sahihi, herufi kwa herufi.

Kabla ya kulaumu jeni, hakikisha kwanza umepima vizuri. Mimi hutumia jeli ya asilimia 10, na sampuli naichemsha kwa nyuzi 95, dakika 5, ikiwa na SDS, sabuni inayoikunjua protini, na DTT mpya, inayovunja vifungo vya salfa. Umbali naupima kwa rula kuanzia pale jeli ya kutenganishia inapoanza. Siku ile rangi ya bluu ilikuwa imeteremka milimita 60, alama zangu mbili za uzito unaojulikana, albumini ya ng'ombe ya kilodaltoni 66 milimita 24 na ovalbumini ya 45 milimita 33, na ukanda wangu milimita 29. Gawa kila umbali kwa 60: unapata 0.40, 0.55 na 0.483. Logi ya uzito hushuka karibu kwa mstari mnyoofu kadiri namba hiyo inavyopanda, kwa hiyo nilichora mstari kati ya majirani wawili wa ukanda wangu nikapata karibu 53. Usiuvute mstari huo kupita alama za mwisho, maana huko hupinda.

Basi kipimo kilikuwa sawa, na hesabu ya asidi amino pia ilikuwa sawa. Kisichokuwa sawa ni dhana iliyo chini ya jeli yenyewe. Tunachukulia kwamba SDS hushika kila protini kwa kiwango kilekile, kama gramu 1.4 kwa kila gramu ya protini, ndipo zote zivutwe na umeme kwa uwiano mmoja na kupishana kwa ukubwa tu. Lakini mwanzo wa p53 umejaa asidi amino zenye chaji hasi, na SDS nayo ni hasi, kwa hiyo husukumana. Kinachofuata ni kipande chenye prolini nyingi, ambacho ni kigumu kukunjika. Protini inabaki nyuma, na jeli inaisoma kuwa nzito. Hata jina p53 lilitokana na kosa hilihili la jeli.

Protini za utando mara nyingi hufanya kinyume: nyingi hushuka haraka kuliko uzito wao.

Ukikutana na hali hii, rudia sampuli kwa DTT mpya. Ukanda ukihamia chini, ulikuwa na protini mbili zilizofungwa na salfa. Wangu haukusogea. Nikapeleka tone kwenye spektrometa ya masi, ikatoa 43.7. Tangu hapo kwenye daftari naandika namba zote mbili: uzito wa hesabu, na mahali ukanda ulipokaa, pamoja na asilimia ya jeli.