Mkondo umetoka hasi: nani kakosea, mimi au hesabu?

Swali: *"Wakuu, nina betri mbili zimeungwa sambamba zinalisha rezista ya omu 5. Ya kwanza volti 14, ukinzani wa ndani omu 0.5. Ya pili volti 12, ukinzani wa ndani omu 1. Nimepata mkondo wa betri ya pili ni −0.5. Mwenzangu kapata +1.33 na majibu yake yote ni chanya, ananicheka. Nikifuta hiyo alama ya kutoa nitapata maksi?"*

Usiifute mkuu. Jibu lako ni sahihi, la mwenzako ndilo bovu, na nadhani najua mstari aliokosea.

Nakuelewa kwa sababu nikiwa chuo nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya. Nilipata mkondo hasi, nikaona aibu, nikachukua ufutio. Mwalimu akanikata maksi za jibu, halafu akanikata tena kwenye kipengele cha pili, maana nguvu niliyokokotoa kwa ule mkondo "uliosafishwa" haikuoana na kitu chochote. Nilikuwa nadhani mkondo hasi ni kama kupata umri hasi wa mtu. Sivyo.

Ulipochora mshale wa I2 ukitoka kwenye ncha chanya ya betri ya volti 12, ulikuwa unakisia tu. Hesabu ikakujibu: kiasi ni nusu ampea, ila kinakwenda kinyume na mshale wako. Basi. Betri ya pili haitoi mkondo, inapokea. Inachajiwa na ile ya volti 14, kama betri ya gari inavyochajiwa na alteneta injini ikinguruma.

Tuipitie. Mishale ya I1 na I2 inatoka kwenye betri kwenda njiapanda ya juu, I3 inashuka kupitia rezista ya omu 5. Sheria za Kirchhoff zinatupa hivi:

```
I1 + I2 = I3
14 − 0.5·I1 − 5·I3 = 0
12 − 1·I2 − 5·I3 = 0
```

Ukizitatua unapata I1 = 3, I2 = −0.5, I3 = 2.5. Volti kati ya njiapanda ya juu na ya chini ni 5 × 2.5, yaani 12.5. Hapo simama kidogo uitazame hiyo namba. Betri yenye volti 12 inaonyesha volti 12.5 kwenye ncha zake. Betri inayotoa mkondo hupoteza kidogo kwenye ukinzani wake wa ndani, kwa hiyo ncha zake lazima zisome chini ya 12. Zikisoma juu, ipo nguvu kutoka nje inayousukuma mkondo kuingia. Kwa hiyo ile alama ya kutoa ina shahidi wa pili.

Sasa ukiifuta, angalia kinachotokea. Njiapanda inasema 3 + 0.5 = 2.5, kitu ambacho hata muuza nyanya atakukatalia. Kitanzi cha pili kinasema 12 − 0.5 − 12.5 = 0, nacho si kweli, kinapungua kwa volti nzima.

Nije kwa mwenzako. Nimejaribu makosa kadhaa hadi nikaifikia 1.33 yake. Aliandika njiapanda kama wewe, I1 + I2 = I3, akimaanisha I2 inatoka kwenye betri. Alipofika kitanzi cha pili akaandika:

```
12 + 1·I2 − 5·I3 = 0
```

Ile jumlisha ni ya mtu anayeamini I2 inaingia kwenye betri. Kwa hiyo mstari mmoja unasema mkondo unatoka, mwingine unasema unaingia, na hesabu haina mdomo wa kulalamika. Inatatua tu ulichoipa. Inatoa I1 = 1.33, I2 = 1.33, I3 = 2.67. Majibu mazuri, chanya yote, na hakuna hata moja lililo kweli. Ndiyo maana mimi jibu chanya tupu kwenye saketi ya betri mbili huniogofya kuliko jibu hasi.

Angekuwa ameamua tangu mwanzo kwamba I2 inaingia, ule mstari wa kitanzi ungekuwa sawa kabisa, ila njiapanda ingepaswa kubadilika iwe I1 = I2 + I3. Angepata I2 = +0.5, jibu lile lile lako kwa mshale uliogeuzwa. Chagua upande wowote unaopenda, lakini ukishauchagua usiuhame katikati ya safari.

Kosa hili kwa kawaida huingia wakati wa kuweka alama za ncha. Mimi nikichora huweka alama zote kwenye mchoro kabla sijaandika mlinganyo hata mmoja. Kwenye rezista, ncha ambako mshale wa mkondo unaingia naweka chanya, unakotokea naweka hasi. Kwenye betri siuangalii mshale kabisa: mstari mrefu ni chanya, mfupi ni hasi, hata kama mkondo unaingilia mlango wa nyuma. Wengi huharibu hapo. Wakihisi betri inachajiwa wanageuza alama ya ile 12 iwe −12. Betri inayochajiwa haijageuzwa ncha, ni mkondo ndio uliogeuka. Halafu nazunguka kitanzi kama mtu anayetembea: nikitoka hasi kwenda chanya nimepanda, najumlisha, nikitoka chanya kwenda hasi nimeshuka, natoa.

Volti nayo inaweza kutoka hasi kwa mtindo huo huo. Kwenye ukinzani wa ndani wa betri yako ya pili, volti ni 1 × (−0.5), yaani −0.5. Maana yake ncha uliyoiwekea chanya iko chini kuliko ile uliyoiwekea hasi kwa nusu volti. Usirudi kufuta alama kwenye mchoro. Iache, jibu limeshajieleza.

Ukitaka kumnyamazisha mwenzako mbele ya darasa, tumia nguvu. Kinachotolewa lazima kilingane na kinacholiwa. Kwako, betri ya kwanza inatoa 14 × 3, wati 42. Ya pili inapokea 12 × 0.5, wati 6. Rezista ya omu 5 inakula 31.25, ukinzani wa ndani wa kwanza 4.5, wa pili 0.25. Jumlisha zote: 42 kamili. Kwake, betri mbili zinatoa jumla ya wati 34.67, ilhali rezista zinakula 38.22. Hizo wati tatu na nusu za ziada zimetoka wapi? Ukaguzi huu ni mzuri kuliko kurudisha namba kwenye milinganyo, kwa sababu majibu yake yatakubali vizuri tu kwenye milinganyo yake mibovu.

Hii habari haiishii kwenye daftari. Siku hizi nafunga sola, na alama ya kutoa imewahi kunitia aibu mbele ya mteja. Saa sita mchana, jua la kuchoma, nikafunga klampu mita kwenye waya wa betri ya volti 12. Ikasoma −6.8. Kwa mazoea yangu chanya ni kuchaji, kwa hiyo nikamwambia mzee wa watu, "Mzee, betri yako inaliwa mchana kweupe, hii kontrola imekufa." Akaanza kuuliza bei ya kontrola mpya.

Kilichonishtua ni maltimita. Nilipoweka pini nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi ya betri ilisoma 13.9. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikipumzika imejaa husoma kama 12.6 au 12.7. Haiwezi kuwa inatoa ampea karibu saba na bado ikae 13.9. Ni ule ushahidi wa 12.5 juu ya 12 kwenye swali lako, umevaa nguo nyingine. Nikaitazama klampu vizuri: kwenye taya zake kuna mshale mdogo, na nilikuwa nimeufunga umeelekea kontrola badala ya betri. Nikaigeuza. Ikasoma +6.4.

Utaniuliza kwa nini si 6.8. Kwa sababu nilisahau kuisawazisha sifuri kabla ya kuifunga. Klampu ya mkondo mnyoofu hubaki na usomaji kidogo hata ikiwa haijashika waya. Ukigeuza na kupata −6.8 na +6.4, mkondo halisi ni wastani wa ukubwa wake, 6.6, na ile 0.2 ni uongo wa mita. Tangu siku hiyo nikisoma alama ya kutoa nageuza kwanza, naongea baadaye. Mzee alicheka, lakini kazi iliyofuata alimpa fundi mwingine.

Pini za maltimita ukizibadilisha ni hivyo hivyo, skrini inaweka alama ya kutoa mbele ya namba ile ile na hakuna kinachoharibika. Mita ya mshale ndiyo ya kuogopa, sindano yake inagonga kushoto na inaweza kupinda.

Kuna mahali pamoja tu ambapo nitakuambia mkondo hasi maana yake rudi uanze upya. Ni pale penye dayodi. Chukua saketi yako hii hii, weka dayodi inayoruhusu betri ya pili kutoa tu, na tuichukulie haipotezi volti. Ukianza kwa kudhani imefunguka utapata −0.5 ile ile, lakini dayodi hairuhusu hicho kitu. Hapa huwezi kusema "basi unaingia". Dhana yako ya kwamba imefunguka ndiyo iliyokufa. Weka I2 = 0, kokotoa tena: I1 ni 14 ÷ 5.5, karibu ampea 2.55, na njiapanda inasimama kwenye volti 12.73. Betri iko 12, upande wa pili wa dayodi uko 12.73, kwa hiyo dayodi imefungwa kweli, na jibu limekubali.

Kwenye karatasi yako andika I2 = −0.5 A, na chini yake mstari mmoja: betri ya volti 12 inapokea 0.5 A, inachajiwa. Huyo jamaa mpe ile hesabu ya wati, umwulize 38.22 kaitoa wapi.