Eda ikiisha, ndipo aanze kukuhitaji

*Swali la wiki: "Jirani yangu hapa Mtwara amefiwa na mumewe, hata mwaka haujatimia. Nikienda kila siku naona namchosha, nisipokwenda naona nimemtupa. Nimsaidie vipi?"*

Angalia kwanza unakwenda saa ngapi, na ni mwezi wa ngapi tangu msiba. Huku kwetu Kusini watu hawapungui kwa mfiwa mpaka hitima ya arobaini ipite. Wanapika, wanachota maji, wanalala sebuleni. Baada ya hapo wanaanza kupukutika, na mjane akishatolewa eda, ile miezi minne na siku kumi, wengi wanaona wajibu wao umekwisha. Nilikuwa muuguzi mkoani Lindi mpaka nikastaafu. Wajane waliokuja kulalamika kwamba usingizi hauji, kifua kinabana, chakula hakipiti, wengi wao walikuja eda ikiwa imeshaisha.

Mwanasosiolojia mmoja wa Marekani, Robert Weiss, aliandika mwaka 1973 kwamba upweke wa kukosa watu na upweke wa kukosa mtu mmoja uliyeshikamana naye ni mambo mawili tofauti. Huo wa kwanza wageni wanauondoa. Huu wa pili hauondolewi na wageni hata wakijaa uani, kwa sababu aliyekuwa akimuuliza "leo umekula?" hayumo kati yao. Hapa ndipo watu wema wanapoteleza. Wanamwona bado analia, wanadhani watu hawatoshi, wanaongeza watu. Mjane anabaki hana hata pembe ya kulilia, na kila akinyamaza anaulizwa ana nini.

Nikueleze ya dada yangu mkubwa, anayeishi kijiji kimoja cha Mtama. Shemeji alifariki mwanzoni mwa Juni, mikorosho ikianza kupigwa salfa. Watoto ni wazuri, wana huruma kweli. Wakaletwa wajukuu wawili wakae naye. Mkwe akashika jiko. Kijana mkubwa akachukua shamba lote, na binti wa Dar es Salaam akawa anapiga simu asubuhi, mchana na jioni. Kila dada akigusa kitu anaambiwa, "Mama, pumzika." Akapumzika mpaka akawa hajui leo ni Jumatatu au Alhamisi. Ukimuuliza ale ugali wa muhogo au wali, anajibu "chochote." Nilipoanza kusikia hilo "chochote" kila mara nilishtuka zaidi kuliko nilivyoshtuka kwa machozi, maana huyu ni mwanamke aliyekuwa akikataa samaki sokoni kwa kumtazama jicho tu.

Tulikaa na watoto, yeye mwenyewe akiwepo, tukagawa upya. Wajukuu walibaki kwa sababu alisema anawataka. Jiko alirudishiwa, mkwe akabaki na kuni na maji. Simu tatu zikawa moja, baada ya Isha. Saa hiyo niliichagua kwa makusudi. Mchana mjane ana majirani, ana kuku, ana jua la kuanikia. Kati ya Magharibi na kulala ndipo wawili walipokuwa wakiongea habari za siku, na ndipo pengo linapouma. Kwa hiyo wewe jirani, ukiweza kwenda mara mbili tu kwa wiki, nenda saa hiyo, siku zilezile, akujue kwamba Jumanne na Ijumaa utapita. Mtu anayejua nani anakuja lini hupata nafasi ya kulia siku nyingine bila kukurupushwa mlangoni. Kaa nusu saa, uondoke hata kama mazungumzo ni matamu.

Na mtaje marehemu. Watu wanakwepa jina lake wakidhani wanamhifadhi mjane, naye anaona mumewe amefutwa. Sema tu, "Mzee angekuwepo angesemaje juu ya bei hii ya korosho?" Akilia, mwache alie, usimkimbilie na "nyamaza, ni kazi ya Mungu." Hilo anajua.

Mwezi wa tatu tangu msiba dada aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alfajiri anasikia kikohozi cha bwana wake ukumbini. Mtoto mmoja akataka kuita mganga, wengine wakasema majini. Niliwazuia. Daktari wa Wales aitwaye Dewi Rees alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wake kwa wajane wa kike na wa kiume, na karibu nusu yao walikuwa wamemhisi, kumsikia au kumwona mwenza aliyekufa. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Hali hiyo pekee si wazimu wala si pepo. Jirani yako akikudokezea jambo kama hilo, umeaminiwa, basi lisikilize na liishie kwako.

Eda ya dada iliisha Oktoba, korosho zikidondoka na minada inafunguliwa. Msimu wa kwanza bila mume ni mgumu kuliko hitima, kwa sababu kila kazi ina nafasi ya marehemu ndani: yeye aliokota, shemeji akabeba mpaka chama cha msingi na kusimamia mizani. Vijana walitaka awaachie yote. Tulikubaliana wachukue magunia na foleni, wasichukue maamuzi. Kutenganisha bibo na korosho, kuanika, kuchambua daraja la kwanza na la pili, hayo yalibaki mikononi mwake, na siku ya kupima alikwenda mwenyewe kutazama mizani. Akaunti ya benki ilikuwa kwa jina la marehemu, kwa hiyo msimamizi wa mirathi alihitajika kupitia Mahakama ya Mwanzo. Kijana ndiye aliyezunguka na cheti cha kifo, lakini kila kikao cha ukoo kilifanyika mama akiwa amekaa pale, na kila karatasi alisomewa kabla ya kutia dole gumba. Wajomba wa upande wa marehemu walilalamika kidogo. Sikuwajali, na nisingewajali hata leo.

Nguo za shemeji zilikaa sandukuni. Binti alitaka azigawe haraka, eti zinamkumbusha. Kukumbushwa si ugonjwa. Asiguse mtu yeyote nguo, kitanda wala baiskeli ya marehemu mpaka mjane atamke mwenyewe. Vivyo hivyo kumhamisha: mjane anayepelekwa Dar mwezi wa pili "abadilishe hewa" anampoteza mume, shamba na majirani kwa mkupuo. Mwanamume aliyefiwa na mke ana shida nyingine, kwamba mara nyingi mkewe ndiye aliyekuwa akimwunganisha na watu. Huyo usimtumie chakula tu kwenye hotipoti. Mwite mle pamoja.

Sasa, huzuni ina siku nzuri na siku mbaya, na mwaka wa kwanza zinapokezana bila utaratibu. Ramadhani ya kwanza, Idi ya kwanza, siku aliyofariki, tegemea atarudi nyuma, halafu atanyanyuka tena. Cha kutazama ni yule asiyenyanyuka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, linahesabu huzuni kuwa ugonjwa wa kutibiwa ikizidi miezi sita, ikiwa nzito siku nyingi, ikizidi desturi za watu wake na kumzuia mtu kuendesha maisha. Lakini usisubiri miezi sita ukiona ameacha dawa za presha au kisukari, nguo zinamlegea mwilini, au anasema anataka kumfuata mumewe. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake usiku ule, dawa za shambani zitolewe nyumbani, na asubuhi mpeleke hospitali ukae naye kwenye foleni mpaka aonwe.