Namba nisizozijua kwenye makato: barua ya kuomba mchanganuo

Swali: Nina duka Majengo, hapa Dodoma. Salio linakatwa ovyo. Mhudumu wa kampuni alinisomea namba mbili nisizozijua, na kwenye simu yangu hazionekani. Anashikilia kwamba nilizipiga mimi. Niandike barua gani?

Jibu: Dada yangu, kabla ya barua piga *#21#, *#61#, *#67# na *#62#. Kila moja itakuonyesha kama simu zinazokuja kwako zinahamishiwa namba nyingine. Mtu akikupigia na simu yake ikahamishwa, kipande cha pili cha safari hiyo hutozwa laini yako, ingawa hukugusa kitufe. Ukikuta moja ya namba zile mbili, piga picha kioo kwanza, kisha ufute kwa ##002#.

Usipoikuta, barua ndiyo itakayosema ukweli, mradi iombe mambo yanayohitajika. Wengi huandika "naomba orodha ya simu" wakapewa namba na saa tu, yaani yale yale waliyosomewa kwenye simu. Wewe andika hivi:

> YAH: OMBI LA MCHANGANUO WA SIMU NA PINGAMIZI LA MAKATO
>
> Mimi ni mmiliki wa laini namba (itaje), iliyosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA. Naomba mchanganuo wa simu zote zilizotozwa laini hii kuanzia tarehe (taja) hadi (taja). Kila simu ionyeshe saa ya kuanza, muda iliodumu, namba iliyopigwa, kiasi kilichokatwa, kama ilipigwa moja kwa moja au ilihamishwa, na IMEI ya simu iliyotumika.
>
> Napinga makato ya namba (zitaje). Naomba yachunguzwe, nirudishiwe yasiyo yangu, na nijibiwe kwa maandishi.

Hiyo IMEI ndiyo nguzo ya barua yako. Ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe, si ya laini. Piga *#06# uione. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Mchanganuo ukija na IMEI ambayo si yako, basi wakati huo laini yako ilikuwa ndani ya simu nyingine, na hoja ya "ulipiga mwenyewe" imekwisha. Ikiwa ni yako, na simu haikuhamishwa, waulize kwanza wanaoshika simu hiyo dukani.

Angalia saa pia: 20:14 kwenye mchanganuo ni saa 2:14 usiku, si mchana.

Peleka barua mwenyewe dukani kwa kampuni, pamoja na kitambulisho, maana taarifa hizi hazipewi mtu mwingine. Chukua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo. Wakigoma, taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kupata taarifa zako. Wakikaa kimya au wasipokuridhisha, nenda na nakala ile ofisi ya TCRA Kanda ya Kati, hapo hapo Dodoma. Usiende bila muhuri ule: swali lao la kwanza litakuwa kama ulianza kwa kampuni.