Usilipe hizo betri kabla hujajua baridi yako inakaa saa ngapi

"Wakuu, nipo Nkuhungu, Dodoma. Nafungua duka la kuku na samaki wa Mtera, friza tatu. Kesho nalipia inveta na betri mbili za 200Ah, muuzaji kasema umeme ukikatika nauza mchana na usiku bila wasiwasi. Naomba mnisaidie mpango kamili wa kukabili katizo la muda mrefu: vipaumbele, wafanyakazi, malipo ya simu na namna ya kurudi kazini umeme ukirudi."

Mkuu, usilipe. Kama umeshatoa kianzio, omba kirudi leo hii, kabla hujasoma jibu la mtu mwingine yeyote humu.

Huyo anayekuuzia anaongea maneno yaleyale niliyoambiwa mimi: "Hii inabeba duka zima, wewe lala tu." Mtu anayeuza betri halipi samaki zako zikioza. Hajawahi kukuuliza friza zako zinakula wati ngapi, joto la chumba likoje, wala umeme ukirudi utakaa muda gani kabla haujakatika tena. Mimi hakuniuliza hata moja kati ya hayo, na najua wewe pia hajakuuliza, maana angekuuliza asingekuambia mchana na usiku.

Tufanye hesabu yako. Betri mbili za volti 12 na 200Ah ni kama wati-saa 4,800 kwenye karatasi. Kama ni hizi za risasi za kawaida, ukizoea kuzimaliza zinakufa mapema sana, kwa hiyo unachotakiwa kutumia ni nusu, wati-saa 2,400. Inveta nayo inakula sehemu yake, na kinachofika kwenye friza ni kama 2,000. Friza ndogo ya kulala ina kompresa ya wati 160 hivi (angalia kibati cha nyuma cha ya kwako). Kompresa haizunguki muda wote, lakini kwa joto letu la Oktoba na mfuniko unaofunguliwa kila mteja akija, chukulia inazunguka zaidi ya nusu ya muda. Friza moja inakula wastani wa wati 95, tatu zinakuwa 285. Gawanya 2,000 kwa 285: saa saba. Umeme ukikatika saa 2 asubuhi, saa 9 alasiri umebaki na inveta tupu ukutani.

Na hiyo ni siku ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi. Mgao ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulitufundisha kwamba umeme hukatika tena kabla betri hazijajaa. Betri zilizoshuka nusu huhitaji saa saba, nane au zaidi kujaa vizuri kwa chaja ya kawaida. Umeme ukirudi saa 4 usiku ukaondoka alfajiri, siku ya pili unaanza na betri iliyojaa kiasi, ya tatu unaanza na iliyochoka. Muuzaji alikupigia hesabu ya siku moja tu.

Kuna kingine. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi sana. Friza zako tatu zikiamka kwa pamoja zinaweza kudai zaidi ya wati 2,400 kwa mkupuo. Inveta ya 1500 inalia, inazima. Na kama ni ile ya bei nafuu isiyotoa mawimbi laini, kompresa inanguruma na kupata moto kuliko kawaida, na siku moja haiwaki tena.

Sasa nikueleze kilichoniuma zaidi, maana si betri. Nilikwenda msibani Kondoa nikamwachia duka mtoto wa dada yangu. Inveta ikazima usiku wa tatu, umeme wa mtaa ukarudi alfajiri, na friza zikaanza kugandisha upya. Asubuhi kila kitu kilikuwa kigumu kama kawaida. Kijana hakuwa na namna ya kujua kwamba perege wale walishayeyuka na kukaa kwenye joto kwa saa nyingi. Tukauza. Mama ntilie wangu wa jumla akarudi na ndoo nzima mchana, ananusa, ananitazama. Hakunikemea. Alihamia kwa mwingine, na wenzake wa pale sokoni wakamfuata. Samaki waliooza nililipia mara moja, wateja wale nimewalipia mwaka mzima. Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu anauziwa maneno ya "lala tu".

Kanuni ninayokuachia ni moja: hifadhi ubaridi kwanza, umeme baadaye.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na baridi yake kama saa 48, iliyo nusu kama 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Hapo tayari una kitu kikubwa kuliko betri zako, na hujatoa hata shilingi. Kinachokuua ni kufungua mfuniko kila mteja anapotaka kuchagua, na friza tatu zilizojaa nusu nusu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya siku ya kukatika. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu, jaza maji ya chumvi, kama kilo moja ya chumvi kwa lita kumi za maji, ukiacha nafasi juu ili zisipasuke. Maji matupu yanaganda na kuyeyuka kwenye sifuri, kwa hiyo yakianza kuyeyuka kuku wako tayari wamelegea. Maji ya chumvi ya kiwango hicho humaliza kuyeyuka yakiwa bado chini ya sifuri, nyuzi sita hivi, na kwa hiyo yanawashikilia kuku wakiwa bado wagumu. Panga chupa kumi chini na pembeni mwa kila friza. Usiziweke zote kwa usiku mmoja, utaichosha kompresa. Mbili tatu kila usiku. Andika "CHUMVI" kwa kalamu ya wino usije ukamuuzia mtu.

Kisha weka kikombe cha maji matupu kwenye kila friza, yakiganda weka sarafu ya shilingi 200 juu. Ukirudi ukakuta sarafu imezama katikati au chini, mzigo uliyeyuka hata kama sasa ni mgumu kama mawe. Kitu hiki kidogo kingenisaidia nilipokuwa Kondoa kuliko inveta yote. Kila asubuhi anayefungua duka aangalie sarafu kabla hajafungua mauzo.

Siku umeme ukikatika, nusu saa ya kwanza usiharakishe. Hamisha mzigo wote kutoka friza tatu uingie mbili, ukitanguliza samaki na vipande vya kuku vinavyooza haraka. Friza ya tatu ibaki na soda na maji tu, iache izime. Soda ya moto haimuumizi mtu. Toa mzigo wa mauzo ya mchana mara moja tu uingie kwenye deli lenye barafu, halafu funga friza na uzifunge kwa kamba. Nasema kwa kamba kwa sababu vijana hufungua. Kuanzia hapo unauza kutoka kwenye deli mpaka jioni, na kilichobaki kwenye deli hakirudi friza. Uza kwa bei ya kumalizia au ukaange jioni ileile.

Sasa ndipo umeme wako unapoingia. Jenereta ndogo ya petroli ya kVA 2 inatosha friza mbili kama utaziwasha moja baada ya nyingine, ukiacha dakika tano katikati. Usiiache inanguruma siku nzima. Washa kwa muda wa saa mbili mchana na muda wa saa mbili au tatu jioni, mifuniko ikiwa imefungwa. Kwa mzigo huo inakula lita moja kwa saa au chini yake, kwa hiyo lita nne hivi kwa siku. Piga hesabu ya bei ya petroli mtaani kwako, halafu ilinganishe na hizo betri utakazobadilisha mapema. Panga petroli yako mapema, kwani vituo vingi hukataa kujaza vidumu ovyo, na usikae nayo jikoni wala dukani. Jenereta ikae nje kabisa, si kwenye korido wala chini ya dirisha; moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini bila kumshtua. Na uiunganishe kwa chenjiova, ile swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa jenereta, iliyofungwa na fundi umeme anayejulikana, au upitishe waya wa kurefusha moja kwa moja hadi friza. Anayechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani anarudisha umeme kwenye nguzo, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo hana taarifa.

Umeme ukirudi, usikimbilie. Hapo ndipo friza nyingi huungua. Umeme unaporudi hupanda na kushuka, na kompresa iliyozimwa sasa hivi ikilazimishwa kuanza tena ina presha iliyokaa upande mmoja. Inashindwa kuzunguka, inapata moto. Ndiyo kazi ya friji gadi, kile kifaa kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Kinunue kimoja kwa kila friza, kabla ya betri, kabla ya jenereta, kabla ya kitu chochote. Bila hicho, chomoa plagi mara umeme unapokatika, subiri dakika kumi na tano baada ya kurudi, taa zikiwa zimetulia, kisha chomeka friza ya kwanza, dakika tano, ya pili, na ya soda mwisho kabisa.

Baada ya hapo fungua na ukague kwa mkono. Angalia sarafu. Kuku au samaki ambaye bado ana fuwele za barafu ndani anaweza kugandishwa tena, ingawa nyama yake italegea kidogo, hivyo muuze kwanza. Aliyelainika kabisa na kupata joto, hata kama hanuki, mtupe. Usisubiri harufu, mteja wako atainusa kabla yako.

Ukiwa na hayo yote na bado una hela, nunua inveta ndogo na betri moja kwa taa na simu. Hata hapo, mwambie muuzaji akuandikie kwa mkono saa ngapi na kwa wati ngapi, kisha mtie sahihi wote wawili. Akikataa kuandika, umeshajua.

Weka hapa picha za vibati vya friza zako nikupigie hesabu sahihi.